Korekta ya kijani na ya pichi chini ya fandesheni: maswali ninayoulizwa na wateja

Mimi ni mpambaji wa maharusi Dar es Salaam. Maswali haya yanatoka kwa wateja wanaokaa kwenye kiti changu, na kwa wale wanaonitumia picha za nyuso zao usiku wa kuamkia shughuli wakiuliza kwa nini mekapu imekataa. Wengi wao ni maji ya kunde au weusi, kwa hiyo majibu yameegemea ngozi hizo. Maelezo mengi ya korekta yaliyozagaa mitandaoni yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, na ukiyafuata kama yalivyo utaharibu uso.

Korekta ni kitu gani, na inatofautianaje na konsila?

Konsila ina rangi ya ngozi, na kazi yake ni kufunika. Korekta ina rangi ambayo si ya ngozi ya mtu yeyote, kama kijani, pichi, chungwa au njano, na kazi yake ni kuua rangi nyingine iliyo chini yake. Rangi zinazotazamana kwenye gurudumu la rangi zikikutana hufifishana. Nyekundu inatazamana na kijani, bluu inatazamana na chungwa, zambarau inatazamana na njano. Pichi si kitu kingine ila chungwa lililotiwa weupe mwingi, ndiyo maana inafanya kazi pale chini ya macho ambapo rangi huwa ya bluu, ya kahawia au ya kizambarau.

Korekta ikishafanya kazi yake, sehemu ile inabaki haina rangi ya kupiga kelele, na hapo fandesheni nyepesi tu inatosha. Hiyo ndiyo faida yake kubwa: unatumia bidhaa kidogo juu, si nyingi.

Nikipaka konsila peke yake chini ya macho panakuwa na rangi ya majivu. Tatizo ni konsila yangu?

Mara nyingi si ubora wa konsila, ni mpangilio. Konsila zina unga mweupe wa oksidi ya titani, na ukichagua iliyo nyeupe kuliko ngozi yako ili "kung'arisha" macho, weupe huo ni mwingi zaidi. Weupe ukikaa juu ya ubluu na ukahawia unatoa kijivu. Unaona kijivu, unaongeza konsila, kijivu kinazidi. Nimeona watu wamefika safu ya 3 na bado wanaongeza.

Dawa yake ni kuweka kitu cha joto kati ya weusi na konsila. Safu nyembamba ya pichi au chungwa inaumeza ule ubluu, kisha konsila ya rangi ya fandesheni yako inakaa juu bila kupauka.

Nitajuaje kama weusi wangu wa chini ya macho unazibwa na korekta?

Chukua kioo cha mkononi, simama dirishani mchana, taa za ndani zimezimwa. Angalia mara ya kwanza ukiwa umeinamisha kichwa kidogo, kisha inua kidevu juu mpaka mwanga uingie chini ya macho moja kwa moja. Kama weusi umepungua sana ulipoinua uso, sehemu kubwa ya kile ulichokuwa unakiita weusi ni kivuli. Una mfereji kati ya kope ya chini na shavu, au una uvimbe unaotupa kivuli chini yake. Kivuli hakina rangi ya kufutwa, kwa hiyo hakuna korekta itakayokiondoa. Kinachosaidia hapo ni mstari mwembamba wa konsila iliyo nyeupe kwa daraja moja, ndani ya mfereji wenyewe tu, bila kuusambaza juu ya uvimbe.

Kama weusi umebaki vilevile, vuta ngozi taratibu kuelekea shavuni kwa kidole kimoja. Ngozi ya pale ni nyembamba kuliko karibu sehemu zote za uso, na mishipa ya damu iko karibu. Rangi ikizidi kuwa ya bluu au zambarau unapovuta, mishipa ndiyo inayoonekana. Rangi ikibaki kahawia na kusogea pamoja na ngozi, ni melanini, yaani weusi ulioko kwenye ngozi yenyewe. Huu wa kahawia ndio ninaokutana nao zaidi, na mara nyingi ni wa kurithi: mama anao, na bibi anao. Wanaosugua macho kwa sababu ya mzio wa vumbi nao huupata.

Yote mawili, wa mishipa na wa melanini, yanakubali pichi au chungwa. Tofauti ni kina cha rangi utakayohitaji. Na usishangae ukigundua una mchanganyiko wa vyote vitatu, ndivyo watu wengi walivyo.

Nichague pichi ya namna gani?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Pichi ile ya kwenye matangazo, iliyopauka na yenye uwaridi, ni ya watu weupe: Waarabu, Wahindi, machotara weupe, na watu wenye ualbino. Mtu maji ya kunde akiipaka anapata doa jeupe chini ya jicho, na juu yake fandesheni inageuka kijivu kilekile alichokuwa anakikimbia.

Maji ya kunde anahitaji pichi iliyokolea, inayokaribia chungwa bivu. Mtu mweusi anahitaji chungwa kamili, na mweusi tii anahitaji chungwa lililoingia wekundu, karibu na rangi ya tofali. Ukiitazama kwenye kopo unaogopa, lakini ikishatandazwa nyembamba inapotea kabisa ndani ya ngozi.

Kipimo changu dukani ni hiki: paka kidogo chini ya jicho, si mgongoni mwa mkono, maana mkono hauna weusi wa kufuta. Gongagonga kwa kidole mpaka iwe nyembamba, kisha toka nje ya duka ukajitazame juani. Ikiwa sehemu hiyo inaonekana nyeupe kuliko shavu, korekta ni nyeupe mno kwako. Ikiwa imekuwa kama ngozi yako yenye joto kidogo, chukua. Kama bado unaona mstari wa chungwa hata baada ya kuigongagonga vizuri, imekolea mno kwako, chukua iliyo nyepesi kwa daraja moja. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda duka la jirani. Kariakoo haina uhaba wa maduka ya vipodozi.

Na kijani je? Nimenunua paleti na kijani ndiyo rangi ninayoitumia kidogo kuliko zote.

Huenda hukosei. Kijani kinaua wekundu, na wekundu wa kweli kwenye ngozi zetu ni haba kuliko tunavyodhani. Kwenye ngozi nyeupe chunusi inapopona huacha alama ya waridi au nyekundu, na kijani kinaifuta. Kwenye ngozi ya maji ya kunde na nyeusi chunusi ikipona huacha doa la kahawia au jeusi, kwa sababu ngozi iliyopata uvimbe hutoa melanini zaidi. Ukiweka kijani juu ya kahawia hupati kitu chochote ila ukungu wa kijivu wenye ugonjwa. Doa la kahawia linataka pichi au chungwa, ileile ya chini ya macho.

Kuna jaribio dogo linalomaliza ubishi. Chukua glasi safi isiyo na rangi, osha na ukaushe, kisha bonyeza kitako chake taratibu juu ya alama na utazame kupitia glasi. Alama ikififia au kutoweka wakati umebonyeza, kisha ikarudi ulipoachia, ni damu iliyo kwenye mishipa midogo. Huo ni wekundu, na kijani kina kazi. Alama ikibaki palepale na rangi yake ileile, ni melanini, na kijani kirudi kwenye mkoba. Madaktari wa ngozi wana njia yao ya kufanya jambo hilihili kwa kipande cha kioo. Kwenye ngozi nyeusi sana tofauti ni ngumu kuiona, kwa hiyo fanya kwenye mwanga mkali wa mchana.

Nikitumia kijani mimi huwa ni kwenye pembe za pua za mtu mwenye mafua, kwenye chunusi mbichi ya mtu maji ya kunde aliyeelekea weupe, kwenye ngozi iliyonyolewa nyusi au kutolewa ndevu kwa nta asubuhi ileile, na kwa wateja wenye ualbino ambao mashavu yao yamepigwa jua. Kwa mtu mweusi tii, chunusi mbichi huonekana ya zambarau au nyeusi kuliko ngozi, wala si nyekundu. Kwake chungwa lenye wekundu linafanya kazi nzuri zaidi.

Kijani chenyewe nacho kina aina. Kile kilichopauka kama maziwa yaliyotiwa rangi kina weupe mwingi na kinamfaa mweupe peke yake. Maji ya kunde atafute kijani kilichozama, kinachoelekea rangi ya zeituni.

Tuonyeshe basi jinsi unavyoipaka, kuanzia mwanzo.

Nitaeleza uso mmoja niliouandaa kwa sendofu, maana uso huo ulikuwa na karibu kila kitu. Bibi harusi alikuwa maji ya kunde mwenye weupe kidogo. Chini ya macho alikuwa na ukahawia uliochanganyika na zambarau, mkali zaidi kwenye pembe ya karibu na pua, pamoja na mfereji mfupi. Shavu la kushoto lilikuwa na madoa 3 ya kahawia ya chunusi za zamani. Kidevuni kulikuwa na chunusi 2 mbichi, na kwa kuwa alikuwa na mafua, pembe za pua zilikuwa zimechubuka na kuwa nyekundu kwa kupenga.

Nilianza kwa kumsafisha uso na kumpaka krimu ya kulainisha ngozi, nyembamba sana chini ya macho. Nikasubiri kama dakika 5, kisha nikabonyeza karatasi laini ya tishu juu ya uso wote ili kuondoa mafuta yaliyobaki juu. Watu hulidharau jambo hili, lakini korekta ikikaa juu ya krimu ambayo haijanywewa na ngozi inateleza na kujikusanya kwenye mikunjo ndani ya saa moja. Mimi sipendi praima nzito chini ya macho kwa sababu hiyohiyo.

Korekta ya pichi iliyokolea nilichota kiasi cha nusu punje ya mchele kwa kila jicho. Niliipasha moto kwanza mgongoni mwa mkono wangu kwa kuizungusha na kidole, ikalainika. Nikaiweka kwenye pembe ya ndani palipo na weusi mkali na kuishusha kufuata weusi ulipo, nikiacha nafasi ndogo chini ya kope. Sikuchora pembetatu kubwa hadi shavuni, kwa sababu shavu halikuwa na weusi. Ukipaka korekta mahali pasipo na rangi ya kufuta, yenyewe ndiyo inageuka kuwa doa. Nikaigongagonga kwa kidole cha pete, ambacho hakina nguvu nyingi, mpaka nikawa naona ngozi kupitia rangi.

Madoa ya shavuni nikayagusa kwa brashi nyembamba yenye ncha, korekta ileile, nukta moja juu ya kila doa. Kisha nikapiga kingo tu kwa brashi kavu. Katikati ya doa hukupigi, maana utaiondoa rangi pale pale inapohitajika.

Kijani nilikitumia kwenye pembe za pua na kwenye chunusi mbili, baada ya kuzijaribu kwa kuzibonyeza na kuona zinafifia. Kiasi chote kilikuwa kama kichwa cha pini, kikagawanywa sehemu nne. Hapo nikamwacha akae kama dakika moja bila kumgusa ili krimu zishike.

Ukifika hatua hii jitazame. Uso hauwi mzuri bado, lakini hauna kitu kinachokuvuta jicho. Chini ya macho panakaribiana na shavu, labda pana joto kidogo. Chunusi zimekuwa na rangi ya udongo usioeleweka. Hilo ndilo unalolitaka. Ukiona mabaka ya kijani na michirizi ya chungwa inayong'aa, umeweka nyingi, na wakati wa kuipunguza ni sasa kabla ya fandesheni.

Fandesheni niliibonyeza kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, nikianzia katikati ya mashavu na kufika kwenye korekta mwisho, sponji ikiwa imebaki na kidogo. Sikuburuta. Ukiburuta unaichukua korekta na kuisambaza, na mtu anaishia na uso wenye ukijani. Juu yake nikaongeza nukta za konsila ya rangi ya fandesheni kwenye madoa na chunusi, na mstari wa konsila iliyo nyeupe kwa daraja moja ndani ya ule mfereji. Poda laini nikaibonyeza kwa pafu, kidogo mno chini ya macho.

Kabla hajavaa gauni nilimpiga picha mbili kwa simu, moja kwa flashi na moja bila. Ile ya flashi ilionyesha pembe moja ya pua bado ina wekundu, kwa sababu alikuwa amepenga katikati ya kazi. Nilirudia pembe ile peke yake: kijani, fandesheni, poda. Nilimpa na tishu na kumwambia apenge kwa kubonyeza, asifute.

Fandesheni imekaa juu lakini bado naona uchungwa chini ya macho. Niongeze fandesheni?

Hapana. Ukiongeza utapata safu nene itakayopasuka kwenye mikunjo kabla ya keki kukatwa. Chukua sponji safi yenye unyevu, bonyeza na kuinua mara kadhaa pale palipozidi, utaona inabeba rangi. Halafu weka konsila kidogo iliyoelekea njano, si iliyoelekea uwaridi, maana uwaridi utaupa uchungwa nguvu.

Kama ni kijivu kinachoonekana badala ya chungwa, hali ni kinyume: korekta ilikuwa haba au ilikuwa nyeupe mno, au konsila ya juu ndiyo nyeupe. Hapo hakuna njia ya mkato. Futa sehemu ile na uanze upya. Ni kazi ya dakika 3, na inashinda kuhangaika kwa nusu saa.

Naweza kutumia lipstiki ya rangi ya chungwa badala ya korekta?

Najua ujanja huo, umezunguka sana mitandaoni, na kwa rangi peke yake unafanya kazi. Mimi siupendi kwa sababu mbili. Lipstiki imetengenezwa na nta na mafuta ya kuteleza juu ya midomo, kwa hiyo kwenye joto letu inasogea na kuvuta fandesheni. Pia si kila rangi inayoruhusiwa midomoni inaruhusiwa karibu na macho; Marekani, kwa mfano, sheria inazitenganisha. Baadhi ya rangi hizo hunyonywa na ngozi na kuacha doa la waridi ambalo utalala nalo. Kwa dharura, na kwenye doa la shavuni lililo mbali na jicho, sitakufokea.

Ngozi yangu imeharibiwa na mkorogo. Nitumie rangi gani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, basi nalijibu kwa urefu. Mkorogo huacha alama za aina mbili, na kila moja inataka rangi yake.

Krimu zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi. Mashavu yanakuwa mekundu, mishipa midogo inaonekana, na jua likipiga kidogo uso unawaka. Wekundu huo ni wa damu, na ukibonyeza kwa glasi unafifia, kwa hiyo kijani kinausaidia kikipakwa chembamba. Tahadhari ni kwamba ngozi hiyo haivumilii kusuguliwa. Tumia kidole au sponji laini, na ujaribu bidhaa mpya nyuma ya taya siku moja kabla.

Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta jambo la kinyume: weusi wenye ubluu au ukijivu, hasa kwenye mashavu na kuzunguka macho, wakati mwingine na vipele vidogo vigumu. Watu wakiuona huongeza mkorogo, na weusi unazidi. Kwa mekapu, rangi hiyo inataka chungwa lililokolea kuliko unavyodhani kwa kutazama weupe wa uso uliobaki. Mteja anakuwa na uso mweupe na mashavu yanayotaka korekta ya mtu mweusi, kwa hiyo mimi hutumia daraja mbili: iliyokolea katikati ya baka, na pichi nyepesi kwenye kingo zake.

Usiache steroidi ghafla kwa ushauri wa mpambaji, nikiwemo mimi. Ngozi inaweza kulipuka. Muone daktari wa ngozi. Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC tangu 1992, na hospitali kubwa za mikoa nazo huwa na kliniki za ngozi. Na kabla ya kununua krimu nyingine yoyote, soma viambato. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania; kabla ya hapo ulikuwa chini ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Inakaa muda gani kwenye joto la Dar au Mombasa?

Ikiwa nyembamba na imebonyezwa poda, inavuka jioni nzima ya shughuli. Ikiwa nene, haifiki hata wakati wa kuingia ukumbini. Korekta ya krimu ya kopo inashika zaidi kuliko ya majimaji kwenye madoa. Ile ya majimaji naipenda chini ya macho ya watu wenye mikunjo, kwa kuwa haijikusanyi haraka.

Jasho likitoka, bonyeza tishu, usifute. Mteja wa machozi mengi, na maharusi huwa wengi wa hao, namwekea poda mara mbili kwenye pembe ya ndani ya jicho, nikisubiri kidogo katikati.

Niitumie na udhu vipi?

Chukua udhu kwanza, kisha pakwa. Krimu, korekta na fandesheni huweka tabaka linalozuia maji kufika kwenye ngozi, na mafundisho yanayojulikana ni kwamba kizuizi cha namna hiyo kiondolewe kabla ya kutawadha. Maharusi wengi wa Kiislamu ninaowapamba huswali Alasiri ndipo tunaanza. Kama shughuli itapita Magharibi na unadhani udhu hautadumu, tupange saa mapema, au tufanye mekapu nyepesi ya korekta na poda tu ambayo unaweza kuifuta na kuirudia mwenyewe.

Nina chunusi iliyopasuka. Nipake?

Usipake krimu yoyote juu ya kidonda kibichi. Krimu haitashika, itaonekana kama ganda linalochubuka, na unaingiza uchafu. Mpaka kikauke, punguza wekundu wa pembeni tu na uache katikati. Brashi iliyogusa chunusi haichovywi tena kwenye kopo. Mimi huchota kwa kijiko kidogo cha plastiki na kuweka kwenye kibao, kisha nafanyia kazi hapo.

Nikiipaka kila siku weusi utaisha?

Hautaisha, korekta ni rangi tu. Kitu kimoja kinachosaidia madoa ya kahawia yasikolee ni krimu ya kukinga jua, ipakwe baada ya krimu ya kulainisha na kabla ya korekta, ikipewa dakika kadhaa kukaa. Oksidi za chuma zilizomo kwenye fandesheni na korekta za pichi huzuia sehemu ya mwanga unaoonekana, na mwanga huo huchochea melanini kwenye ngozi nyeusi, lakini kiasi unachopaka usoni ni kidogo mno kukitegemea peke yake.

Weusi ulioanza ghafla, wa jicho moja, au unaoambatana na uvimbe na maumivu, usiufunike. Nenda hospitali.

Ninunue nini kwanza?

Korekta moja tu ya pichi au chungwa inayolingana na ngozi yako, ya krimu, kopo dogo. Paleti ya rangi sita ni ya kwangu ninayepamba nyuso za kila aina. Wewe utaimaliza rangi moja na nyingine zitakauka. Kijani ongeza baadaye, kama jaribio la glasi limekuonyesha una wekundu wa kweli.

Tazama nyuma ya kopo kuna mchoro mdogo wa kopo lililo wazi wenye maandishi kama 12M. Hiyo ni miezi ya kuitumia tangu uifungue, kwa hiyo andika tarehe ya kufungua kwa kalamu chini ya kopo. Ikinuka kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa, ikitoa maji juu, au ukiwa umeugua macho mekundu wakati unaitumia, itupe hata kama imebaki nusu.